Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: shairi la shindano lenye maneno kumi ya lazima

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila shindano la aina hii likitangazwa. Unapewa maneno kumi, unaambiwa utunge shairi na yote yaonekane ndani ya mishororo bila kulazimishwa. Ili tusiongee hewani nitatumia orodha moja mwanzo mpaka mwisho: mvua, kioo, deni, mkeka, taa, jirani, ufunguo, sukari, barua, kesho. Shairi lenyewe liko kwenye sehemu ya tatu, mwenye haraka aruke tu.

## Ya mwanzo kabisa

Waamuzi wakisema "maneno yaonekane kiasili" wanamaanisha nini hasa?

Wanamaanisha msomaji ambaye hajaiona ile orodha asiweze kuotea ni maneno gani ulipewa. Hicho ndo kipimo. Ukitaka kukijaribu mpe mtu shairi lako bila orodha, mwambie apige mstari chini ya maneno anayohisi yalikuwa ya lazima. Akipatia mawili matatu kwa kubahatisha sio shida, ila akipatia saba ujue shairi limeshakwama, maana yanaonekana yamesimama peke yao.

Kuna jaribio lingine la kufanya mwenyewe. Litoe neno, weka jingine la mizani ileile, usome tena. Kama shairi halijapoteza chochote, neno lako lilikuwa pambo tu. Kama hadithi imeyumba, basi lilikuwa na kazi.

Nitunge kwa arudhi au shairi huru?

Soma sheria za shindano kwanza, mengine yanataja wazi. Yasipotaja una uhuru, ugomvi wa vina na mizani dhidi ya shairi huru ulichemka sana miaka ya 1970 na siku hizi pande zote mbili zina wasomaji wao.

Ushauri wangu hata hivyo utawashangaza wengine: kwa shindano la maneno kumi tarbia ni rahisi kuliko shairi huru. Kwenye shairi huru neno la kulazimisha linaonekana haraka kwa sababu hakuna kingine cha kulielezea, msomaji anajiuliza tu hili limefata nini hapa. Kwenye tarbia sikio linashughulika na vina na mizani, kila neno lina sababu ya pili ya kuwepo, kwahiyo ya orodha yanajichanganya na wenzake. Humu basi nitaongelea tarbia ya kawaida, yaani ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho.

Beti ngapi zinatosha?

Tatu mpaka tano. Kwenye beti mbili una mishororo minane tu kwa maneno kumi, utayabananisha. Ukipanda mpaka kumi, beti nyingi zitakuwa hazina neno hata moja na mwamuzi anayehakiki orodha atachoka kutafuta. Mfano wetu una beti tatu.

## Kabla hujaandika mshororo hata mmoja

Nianze na neno gani?

Usianze na neno, anza na mtu. Jiulize nani anaweza kukutana na vitu vyote hivi kumi ndani ya siku moja bila mtu yeyote kushangaa. Wengi wanaanza na lile wanalolipenda, wanatunga ubeti mzuri sana wa mvua, halafu wanabaki na sukari na barua hawajui wazipeleke wapi.

Chukua yale mawili yanayogombana zaidi, uyatafutie nyumba moja. Hapa mimi naona ni sukari na deni. Deni linaleta benki, duka, mahakama. Sukari inaleta jikoni. Vinakutana wapi? Kwa mtu aliyeishiwa. Anaomba sukari kwa jirani na anadaiwa na mtu mwingine. Anadaiwa nini? Kodi ya chumba. Basi ameshapatikana mpangaji, na ukishampata yeye mengine yanakuja yenyewe: mvua inavuja kwenye bati, mkeka unalowa, taa imezima, ufunguo ni wa chumba, barua ni ya mwenye nyumba, na kesho ndo ile ahadi ya kila mwezi. Kimebaki kioo tu, nacho ndo kilichosumbua, tutakifikia.

Kwani mapenzi si yanabeba maneno yote?

Yanabeba, na hilo ndo tatizo. Cheki orodha ilivyokaa: barua ya mapenzi, ufunguo wa moyo, sukari ya roho, taa ya maisha yangu, kioo cha nafsi, deni la penzi. Kila neno lina kiti chake tayari kwenye mashairi ya mahaba na nusu ya washiriki watakwenda kukalia viti hivyohivyo. Mwamuzi akifika shairi la ishirini lenye ufunguo wa moyo hata hasomi, anaruka.

Sisemi mapenzi ni marufuku. Nasema ukienda huko barua iwe barua kweli, karatasi yenye mwandiko wa mtu na ujumbe unaojulikana. Neno likibaki na umbo lake la kushikika mara nyingi linakaa vizuri, ila likigeuka "taa ya matumaini" hakuna tena taa wala matumaini.

Maneno niyagawanye sawasawa kwenye beti?

Hapana, na hapa wengi wanapotea kwa kupenda usafi. Kumi kwa beti tatu wanapanga tatu, tatu, nne, inatoka kama ratiba. Mfano wetu una matano ubeti wa kwanza, matatu wa pili, mawili wa tatu. Ubeti wa kwanza unaonyesha chumba, na chumba kina vitu vingi, kwahiyo maneno mengi hayashangazi. Ubeti wa mwisho unahitaji nafasi ili jambo litokee, ukiujaza vitu mtu wako anakosa pa kusimama.

## Shairi lenyewe

Naomba kuona mfano uliokamilika.

Huu hapa. Kichwa chake ni "Mpangaji".

Mvua yapiga batini, matone yanadondoka,
Mkeka uko majini, wanangu wameamka,
Taa hakuna chumbani, umeme umekatika,
Kesho nitalipa deni, mwenye nyumba nakumbuka.

Nimeazima sukari, kwa jirani wa pembeni,
Amenipa kwa hiari, bila kuuliza lini,
Barua ya tahadhari, imewekwa mlangoni,
Kesho nitalipa deni, mwenye nyumba nakumbuka.

Ufunguo umegoma, kufuli kabadilisha,
Kioo nikitazama, uso wangu wanitisha,
Barazani nasimama, usiku unanichosha,
Kesho nitalipa deni, mwenye nyumba nakumbuka.

Mbona "kesho" na "deni" yamewekwa kwenye kibwagizo?

Kwasababu mpangaji hulisema hilo kila siku. Kibwagizo kinarudia, na neno la orodha likiwa ndani yake linarudia pia, sasa jiulize kama kurudia huko kuna maana. Ukiweka "sukari" kwenye kibwagizo utachosha watu. "Kesho" inafaa kwa sababu ahadi ya kesho ni kitu ambacho kweli kinarudiwarudiwa, na kila ikirudi inapungua uzito. Ubeti wa kwanza unamwamini, wa pili barua imeshafika mlangoni, wa tatu kufuli limebadilishwa na yeye bado anasema kesho. Mshororo haujabadilika hata herufi, kilichobadilika ni hali yake.

Kwenye kuhesabu, neno lililorudiwa linahesabiwa moja. Usijidanganye kwamba kibwagizo kitakuongezea idadi.

Ubeti wa pili ulipatikanaje? Maneno matatu yale mbona hayagongani?

Huu ndo mgumu kuliko yote, tuupitie taratibu. Jaribio ambalo mtu hulifikia kwanza linakuwa hivi: *Kwa jirani nimepata, sukari na barua.* Hesabu kipande cha pili: su-ka-ri-na-ba-ru-a, saba. Kimepungua moja. Hapo mtu anabadili "na" kuwa "pia", anapata nane, anafurahi anaendelea. Lakini soma maana. Jirani amempa sukari na pia barua? Barua ya nini? Mizani imekubali, hadithi imekataa, na mwamuzi ataona kabisa kwamba maneno mawili yamefungwa kamba moja ili yavuke.

Dawa ni kuyatenganisha kwa mtu. Sukari inatoka kwa jirani, barua inatoka kwa mwenye nyumba. Ukishafanya hivyo unapata watu wawili wanaotofautiana na mshororo wa katikati unakuja kuwaunganisha: *Amenipa kwa hiari, bila kuuliza lini.* Huo hauna neno la orodha hata moja ila ndo unaobeba ubeti, maana jirani haulizi atarudishiwa lini, ila mwenye nyumba yeye kila siku anauliza. Bila mshororo kama huo maneno yanakuwa bidhaa kwenye rafu. Jaribu kila ubeti uwe na angalau mshororo mmoja, au kipande kirefu, kisicho na neno la lazima.

Na kioo?

Kioo kilikuwa kinakwenda kule kwa wote: *Kioo cha matumaini, kimevunjika moyoni.* Kwanza kipande cha mbele kina mizani tisa, hesabu mwenyewe. Pili hata kingekuwa nane kisingesaidia chochote, kinaweza kuhamishiwa shairi lolote duniani.

Swali la kujiuliza ni kioo gani kipo pale alipo huyu mtu, saa ileile. Amefungiwa nje usiku, mbele yake kuna mlango na dirisha. Basi ni kioo cha dirisha. Anachungulia ndani kwake anakutana na uso wake mwenyewe. Sikulazimika kuongeza kitu, nilimsogeza tu hatua moja.

## Mizani na vina vinapobishana na orodha

Nahesabuje mizani za maneno niliyopewa?

Hesabu kila neno kabla hujaanza, uandike namba pembeni kwa penseli. Kwenye orodha yetu: mvua, deni, taa na kesho ni mbili mbili. Kioo, mkeka, jirani, sukari na barua ni tatu tatu. Ufunguo ni nne, yaani nusu ya kipande chako imeshaliwa.

Linalowakwamisha watu ni M na N za mwanzo. "Mkeka" ni m-ke-ka, M inasimama peke yake, tatu. Lakini "mvua" ni mvu-a, mbili, wakati "mvuvi" ni m-vu-vi, tatu. "Mbaya" inategemea inasifia nini: mtu mbaya ni m-ba-ya, nyumba mbaya ni mba-ya. "Nje" ni n-je, mbili. Katikati ya neno pia ipo, "wameamka" ni wa-me-a-m-ka, tano, ndo maana "wanangu wameamka" inatimia nane. Ukiwa na wasiwasi litamke polepole huku unapiga kofi, kila kofi moja ni mizani moja.

Maneno kama "alfajiri" au "labda" yana konsonanti isiyo na irabu yake, wako wanaoihesabu na wako wasioihesabu. Likiwa sio neno la orodha liepuke tu, usimpe mwamuzi sababu ya kubishana na wewe.

Neno la orodha liwe kwenye kina au ndani ya mshororo?

Changanya. Angalia herufi za mwisho: deni na jirani yanaishia -ni, na hicho ndo kina rahisi kuliko vyote kwa sababu ya chumbani, mlangoni, batini na wenzake. Sukari ina -ri, inawezekana, tuna hiari na tahadhari. Kioo na ufunguo usijaribu, maneno yanayoishia -o na irabu nyingine mbele yake yapo lakini utaanza kutafuta yenye kina badala ya yenye maana, na ubeti mzima utazunguka kulihudumia neno moja.

Kwenye mfano, ukiacha kibwagizo, ni "sukari" tu iliyokaa kwenye kina. Mengi yapo mwanzoni mwa mshororo, na hilo mhakiki mkali angelilalamikia: mvua, mkeka, taa, barua, ufunguo, kioo, yote yamefungua mishororo. Ni kweli, na ukiwa na muda sogeza mawili katikati. Mimi nimeyaacha kwa sababu mpangaji anahesabu vitu vyake.

Naruhusiwa kutumia inkisari na mazida?

Ndio, kufupisha na kurefusha maneno ili mizani itimie ni desturi ya washairi toka zamani, mshairi Amri Abedi alishaziandika kanuni za kutunga kwenye kitabu chake cha mwaka 1954 na watu bado wanarejea humo. "Kufuli kabadilisha" ni inkisari, kwa kirefu ni "amebadilisha", na bila kufupisha kipande kingekuwa na tisa.

Ila usilifanyie hivyo neno la orodha. Ukifupisha au ukirefusha neno ulilopewa, mwamuzi anayetia tiki ana haki kusema halimo. Kata na kurefusha kwenye maneno yako mwenyewe.

## Utata mdogomdogo

Nikiweka wingi au kiambishi, neno linahesabika?

Inategemea sheria, zikikaa kimya chukulia kwamba halihesabiki. "Madeni" sio "deni" kwa mwamuzi anayetafuta kwa macho, "mkekani" ni mwendo wa kubahatisha, "funguo" inaweza kupita au isipite. Ndo maana hata kwenye mfano imeandikwa "mkeka uko majini" na sio "mkekani mna maji", ingawa zote ni mizani nane. Kama kweli unataka umbo lingine, weka lile la asili sehemu nyingine ndani ya shairi ukae salama.

Kitenzi kina nafuu kidogo. Orodha ikisema "kulia" hakuna anayetegemea uandike "kulia" hivyohivyo, nafsi na njeo lazima ziingie, "analia" inakubalika kwa waamuzi wengi. Uliza kama kuna namba ya mawasiliano kwenye tangazo.

Neno likijificha ndani ya neno jingine je? "Taabu" si ina "taa" mwanzoni?

Hapana, hayo ni mafumbo ya gazeti. Neno lisimame lenyewe.

Neno lenye maana zaidi ya moja, natumia ipi?

Yoyote iliyo halali, mradi sheria hazijabana. Taa ni ya kuwasha na taa ni samaki pia, mtu wa pwani anaweza kuja na shairi la wavuvi akawapiga chenga wenzake wote. Hapo neno linabaki lilelile, unachopata ni hadithi ambayo wengine hawana. Usitumie maana mbili ndani ya shairi moja lakini, msomaji atadhani umekosea.

Je, neno likiwa kwenye kichwa cha shairi tu?

Halihesabiki, masharti mengi yanasema "ndani ya mishororo". Hii ndo sababu shairi la mfano linaitwa "Mpangaji" na sio "Kesho", ingawa "Kesho" kingekuwa kichwa kizuri. Ukikipenda sana kitumie, ila uhakikishe neno lipo ndani pia.

Niyapigie mstari au niyakoleze ili mwamuzi ayaone?

Kwenye shairi lenyewe usifanye hivyo isipokuwa wamekuagiza. Umehangaika kuyaficha halafu unayawashia tochi? Andika chini, nje ya shairi, neno na namba ya ubeti na mshororo: "kioo, ubeti 3, mshororo 2". Inamrahisishia kazi na haigusi usomaji.

Nimemaliza, maneno tisa yamekaa vizuri, la kumi linagoma. Nifanyeje?

Usiliongezee ubeti wake. Ubeti wa kuokoa neno moja unajulikana mbali, unakujaga wa mwisho au wa pili kutoka mwisho na hauna uhusiano na mwenzake.

Rudi kwenye beti zilizopo utafute jina la kitu ambalo umeliweka wewe, halikulazimishwa na mtu, na lina mizani sawa na neno lako. Kama lililogoma ni "barua", tafuta penye neno la mizani tatu linalofanya kazi ya kupeleka habari. Pengine uliandika "taarifa ya hatari": hiyo "taarifa" ni nne na "barua" ni tatu, basi panua upande wa pili, "hatari" ya tatu iwe "tahadhari" ya nne. Ndo ilivyopatikana "barua ya tahadhari", na kina -ri hakikuguswa. Ikishindikana huko kote, kagua mtu wako. Inawezekana umemchagua mtu ambaye hapokei barua, na huyo itabidi umbadilishe mapema kabla hujazipenda beti zako.